Ankara ya kwanza ya chama: tusome mstari kwa mstari kabla ya kulipa

SWALI

Hujambo, dada. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kondele, Kisumu. Tumeanza biashara ya kukodisha viti na tenti za harusi na matanga. Tuliagiza viti 120 na tenti mbili kwa muuzaji wa jumla, tukaelewana kwa simu kwamba vyote pamoja na usafiri ni shilingi 170,000. Tukatanguliza 60,000 kwa M-Pesa. Mzigo ulifika tarehe 6 Juni, lakini viti vilikuwa 115. Dereva akasema vitano vitafuata. Sasa nimetumiwa PDF kwa WhatsApp iliyoandikwa TAX INVOICE. Jina lililo juu ni langu mimi, na chini imeandikwa Balance Due 137,200. Nilijua tumebakisha 110,000. Mwenzangu mmoja ameona maneno Receipt Signature akasema hiyo ni risiti, deni limeisha. Mwingine anasema tunaibiwa. Sijawahi kupokea karatasi kama hii maishani. Naisomaje, na tulipe ngapi?

Mweka Hazina, Kondele

JIBU

Dada mweka hazina,

Hiyo si risiti, na deni halijaisha. Ni ankara, ile ambayo wafanyabiashara wengi huiita invoisi: muuzaji anakuandikia alichokuuzia, bei yake, na kiasi anachokudai. Risiti huja baadaye, pesa zikishamfikia. Maneno Receipt Signature yaliyomchanganya mwenzako hutoka kwenye eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambao husajili kila ankara inapotolewa. Mfumo huiwekea ankara alama yake, na alama hiyo haisemi lolote kuhusu kama umelipa au hujalipa.

Sioni kwamba mnaibiwa. Lakini pia msilipe 137,200 kama ilivyo. Kwa maelezo yako, deni la leo ni 132,560, na huenda likashuka hadi 106,000, kutegemea mlichoandikiana kuhusu ushuru. Tuifungue hiyo PDF tuisome kuanzia juu, uone tofauti hizo zinatoka wapi.

Juu kabisa pana majina mawili. La kwanza ni la muuzaji, pamoja na anwani yake na PIN yake ya KRA. PIN ina herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Ikianza na P ni ya kampuni au kikundi. Ikianza na A ni ya mtu binafsi. Hakikisha jina hilo ni la duka mliloagiza kwake. Likiwa jina usilolijua, simama hapo hapo uulize kabla ya kuendelea.

Jina la pili liko chini ya maneno Bill To, yaani anayedaiwa. Hapa ndipo ningetaka utulie kidogo, kwa sababu umesema jina lililopo ni lako. Kwa karatasi hiyo, mwenye deni ni wewe, chama hakimo. Viti navyo vinaonekana vimenunuliwa na wewe. Leo mnapatana vizuri na jambo hili halina uzito wowote, lakini mwenzenu akitaka kujitoa na kudai sehemu yake, au mkigombania mali, ankara ni mojawapo ya karatasi zitakazotolewa mezani. Kuna na upande wa ushuru. Tangu 1 Januari 2024, mfanyabiashara anayetaka gharama ikubaliwe anapokokotoa ushuru wa mapato anatakiwa awe na ankara ya eTIMS, na hiyo ankara iwe na PIN ya mnunuzi. Ikiwa na PIN yako, gharama ya viti haihesabiki kuwa ya chama.

Basi kama chama kimesajiliwa na kina PIN yake, mwombe muuzaji aweke jina la chama na hiyo PIN. Kama chama bado hakina PIN, hilo haliwezekani kwa sasa. Acha jina lako libaki, lakini iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ulinunua kwa niaba ya chama na kwa pesa za chama, na wanachama watie sahihi.

Tunashuka. Pembeni kuna namba na tarehe. Namba mara nyingi huwa mbili. Moja ni ya muuzaji mwenyewe, fupi, kwa kawaida karibu na maneno Invoice No. Nyingine ni ndefu, iko chini karibu na ile picha ya miraba, imeandikwa CU INVOICE NO., nayo ni ya mfumo wa KRA. Unapompigia simu muuzaji au unapolipa, taja ile fupi, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye vitabu vyake. Ile ndefu inakufaa ukitaka kuhakikisha kwamba ankara imesajiliwa kweli. Njia rahisi zaidi ni kuelekeza kamera ya simu kwenye ile picha ya miraba. Itakufungulia ukurasa wa KRA wenye jina la muuzaji na kiasi cha ankara. Linganisha na ulicho nacho mkononi. Ukurasa usipofunguka, au ukifunguka na kiasi tofauti, muulize muuzaji kabla ya kutuma hata shilingi.

Tarehe nazo ni mbili, na watu wengi huangalia moja tu. Invoice Date ni siku ankara ilipoandikwa. Due Date ni siku ya mwisho ya kulipa. Muda kati yake ndio mkopo mliopewa. Ankara ikiwa ya tarehe 3 Juni na masharti yakisema siku 14, mwisho ni tarehe 17 Juni. Siku huhesabiwa kuanzia tarehe ya ankara, si siku mzigo ulipofika, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mzigo wenu ulikuja tarehe 6, kwa hivyo siku tatu zilishapita viti vikiwa bado njiani. Hilo mnaweza kulizungumza naye, na wauzaji wengi husikia wakiambiwa mapema. Usingoje tarehe 18 ndipo uanze kueleza.

Sasa tufike kwenye jedwali la katikati. Kila mstari una maelezo ya kitu, idadi, bei ya kimoja, na jumla ya mstari huo. Kwa mlivyoelewana, nadhani yenu inasomeka hivi: viti 120 kwa 800, jumla 96,000. Tenti mbili kwa 35,000, jumla 70,000. Usafiri 4,000. Chini yake imeandikwa Subtotal, 170,000. Chukua kikokotoo cha simu uzidishe kila mstari mwenyewe, idadi mara bei, kisha ujumlishe. Soma na maelezo pia. Kama mliagiza kiti chenye mikono na ankara inasema kisicho na mikono, bei inaweza kuwa sawa kabisa kwenye karatasi na bado mkawa mmepewa kitu kingine.

Halafu fanya lile ambalo ankara peke yake haiwezi kukufanyia. Tafuta karatasi uliyotia sahihi dereva alipoleta mzigo, ile ya delivari. Ankara inasema muuzaji anadai nini, delivari inasema mlipokea nini. Uliandika juu yake kwamba viti ni 115? Kama uliandika, hoja yako ni nzito. Kama ulitia sahihi chini ya 120 kwa sababu dereva aliahidi vitano vitafuata, mjulishe muuzaji leo kwa maandishi, umtajie tarehe na jina la dereva. Kila siku inayopita inafanya neno lako lionekane jipya.

Viti vitano kwa 800 ni 4,000. Lakini mstari huo ulitozwa ushuru pia, kwa hivyo kinachopaswa kupungua ni zaidi ya 4,000. Hebu tuuone huo ushuru.

Chini ya Subtotal kuna mstari wa VAT 16%. Huu ndio uliozaa shilingi 27,200 mlizoshangaa: 170,000 mara 16, gawanya kwa 100. Ukijumlisha, Total inakuwa 197,200. Toa 60,000 mlizotanguliza, inabaki 137,200. Hesabu ya muuzaji iko sawa. Swali lililobaki ni kama alikuwa na haki ya kuongeza ushuru juu ya bei mliyokubaliana.

Swali hilo lina sehemu mbili. Kwanza, je, amesajiliwa kutoza VAT? Si kila duka linaruhusiwa. Biashara inayouza bidhaa za VAT za shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka inalazimika kujisajili, na ndogo zaidi inaweza kujisajili kwa hiari. Ambaye hajasajiliwa hana ruhusa ya kumtoza mtu VAT. Kujua ni rahisi: nenda kwenye tovuti ya iTax, fungua PIN Checker, andika PIN ya muuzaji iliyo kwenye ankara. Itakuonyesha jina lake na aina za ushuru alizosajiliwa. VAT ikiwa haimo, mwambie auondoe mstari huo.

Pili, ile 170,000 ilikuwa pamoja na ushuru au bila? Rudi kwenye WhatsApp utafute bei aliyowaandikia kabla hamjaagiza, ile kwotesheni. Tafuta maneno madogo kama Excl. VAT au VAT exclusive, ambayo mara nyingi huwekwa chini kabisa. Yakiwepo, mlishaambiwa, hata kama hakuna aliyeyaona, na ushuru ni wenu. Yasipokuwepo, au ikiandikwa Incl. VAT, mna sababu nzuri ya kumwambia kwamba 170,000 ndiyo bei kamili. Hapo ankara ingepaswa kuandikwa upya: kabla ya ushuru 146,551.72, ushuru 23,448.28, jumla 170,000. Muuzaji bado angeipeleka VAT kwa KRA, ila ingetoka ndani ya bei aliyowapa. Mngebaki na 110,000, na ukitoa viti vitano ambavyo havijaja, 106,000.

Kama mlielewana kwa mdomo tu, sina la kukuahidi. Zungumza naye kwa upole lakini mapema. Wapo watakaokutana nanyi katikati, maana chama cha kukodisha viti ni mteja atakayerudi.

Lakini kuna jibu moja ambalo huenda akakupa, na naomba ulikatae: “Basi niwafanyie bila VAT, ila bila ankara.” Linasikika kama msaada. Muuzaji aliyesajiliwa hana hiari ya kuuza bidhaa hizo bila VAT. Anachosema ni kwamba mauzo hayo hatayaonyesha. Nanyi mtabaki na viti na tenti za zaidi ya laki moja unusu bila karatasi inayowakubalia gharama hiyo mbele ya KRA, na bila ushahidi mnono siku tenti itakapokuja na mshono mbovu.

Kitu kimoja kabla hatujaacha ushuru. Chama chenu hakijasajiliwa kwa VAT, nadhani, kwa hivyo hamwezi kuidai irudishwe. Maana yake, VAT ikiwa imewekwa juu ya bei, kiti kimoja kimewagharimu 928, si 800. Mkikaa kupanga bei ya kukodisha, anzeni na 928, au mtakuwa mnahesabu faida ambayo haipo.

Turudi kwenye viti vitano. Na ushuru wake, kila kimoja ni 928, kwa hivyo vitano ni 4,640. 137,200 kutoa 4,640 ni 132,560. Hiyo ndiyo namba niliyokupa mwanzoni, iwapo VAT ni halali na mliambiwa kabla. Ila usimlipe tu hizo 132,560 ukanyamaza. Kwenye vitabu vyake ataona mmepunja 4,640, na mwezi ujao atawatumia ukumbusho. Namna sahihi ni yeye kutoa krediti noti, hati inayopunguza ankara iliyokwisha kutolewa. Kwenye eTIMS ankara haifutwi wala haihaririwi ikishapokelewa na mfumo. Hurekebishwa kwa krediti noti inayotaja namba ya ankara ya awali.

Na kwa kuwa jina pia lina kasoro, mnaweza kumaliza yote kwa safari moja. Mwombe atoe krediti noti ya ankara nzima, kisha ankara mpya yenye jina na PIN ya chama, na viti 115. Vile vitano vikifika vitakuja na ankara yao. Hakikisha umeipata hiyo krediti noti mkononi. Akitoa ankara mpya bila krediti noti ya ile ya zamani, kwenye vitabu mtakuwa na madeni mawili kwa mzigo mmoja, na kosa hilo hutokea hata kwa wauzaji waaminifu. Hakikisha pia ile 60,000 imehamia kwenye ankara mpya. Usiamini tu mstari ulioandikwa Deposit au Paid. Fungua ujumbe wa M-Pesa wa siku ile ulinganishe kiasi na tarehe. Kama viti vitano vinakuja kesho kutwa na jina mmeamua libaki, basi hakuna haja ya haya yote. Subirini vifike, kisha mlipe kamili.

Karibu na mwisho kuna sehemu ya namna ya kulipa: jina la benki, namba ya akaunti, au Paybill na kitu cha kuandika kwenye Account Number, ambacho mara nyingi ni namba ya ankara. Iandike sawasawa. Ukikosea, pesa zinafika lakini hakuna anayejua ni za nani. Na hapa kuna hatari ninayotaka wenzako wote waisikie. Matapeli hupenda sehemu hii. Hutuma PDF inayofanana kabisa na ya muuzaji, wakabadilisha namba ya kulipia tu, au hutuma ujumbe kwamba “tumebadilisha akaunti.” Linganisha na Paybill mliyotumia kutuma zile 60,000. Ikiwa tofauti, piga simu kwa namba ya muuzaji uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usipige ile iliyo kwenye ujumbe mpya. Mkiwa bado na shaka, tumeni shilingi 100 kwanza, msome jina litakalokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa, mumuulize kama imemfikia.

Maandishi madogo ya chini kabisa usiyaruke. E. & O.E. maana yake muuzaji anajiwekea nafasi ya kusahihisha kosa likigunduliwa baadaye, kwa hivyo akikosea akawatoza kidogo bado anaweza kuwarudia. Huenda kuna mstari wa faini ya kuchelewa, kwa asilimia fulani kila mwezi. Huenda kuna mwingine unaosema bidhaa ni mali ya muuzaji hadi zitakapolipwa zote. Ukiuona, msiuze wala msiweke rehani tenti hizo kabla ya kumaliza deni. Na angalia siku mlizopewa za kulalamikia upungufu. Zikiwa saba, na mzigo ulifika tarehe 6, mwisho ni tarehe 13.

Ujumbe wa kumtumia unaweza kuwa hivi, ujaze namba zenu:

“Habari yako. Nimepokea ankara namba ____ ya tarehe ____. Tulipokea viti 115, si 120, kama ilivyo kwenye delivari ya tarehe 6 Juni. Picha yake hii hapa. Pia mnunuzi ni chama, PIN ____, si mimi binafsi. Tafadhali tupe krediti noti ya ankara hii, na ankara mpya yenye jina la chama, viti 115, na 60,000 tulizolipa kwa M-Pesa, namba ya muamala ____. Kwenye bei mliyotuandikia sikuona palipotajwa VAT. Naomba tuzungumze kuhusu hilo kabla ya tarehe ya kulipa. Tutalipa mara tu tutakapopata ankara iliyosahihishwa.”

Ile sentensi ya VAT iondoe kama kwotesheni ilisema Excl. VAT. Na mkishalipa, dai risiti inayotaja namba ya ankara mpya, kisha ibane pamoja na ankara, krediti noti, delivari na ujumbe wa M-Pesa kwenye faili moja. KRA huruhusiwa kuuliza karatasi za hadi miaka mitano nyuma, kwa hivyo faili hilo likabidhiwe mweka hazina ajaye, lisibaki nyumbani kwako.